Me, Ke na kabila kwenye pepa ya afya: mwongozo kamili, tukitumia pepa ya upungufu wa damu Kilimanjaro

Kuna sentensi nimeikuta kwenye drafti za watu zaidi ya mara moja, watu waliokusanya data huku huku kwetu Moshi vijijini, inasema hivi: "Wachagga walikuwa na upungufu mdogo wa damu kuliko makabila mengine, na jinsia ya kike ilikuwa kihatarishi." Ukiisoma haraka unaona iko poa, namba zipo, p ndogo ipo, supervaiza kaipitisha. Halafu inaenda jarida na inarudi na maswali mawili: mlijuaje kabila la mtu, na mnaposema jinsia mlipima nini hasa? Hapo ndo watu wanakwama, kwa sababu ukweli ni kwamba kabila lilijazwa na kijana mwenye tablet, na jinsia ilikuwa kiboksi cha Me na Ke.

Nitaichukua pepa ya aina hiyo niitengeneze kuanzia dodoso mpaka sentensi ya mwisho. Tuseme ni watu wazima wa vijiji viwili, kimoja juu Kibosho kwenye mita 1,600 hivi, kingine chini Kahe kwenye mita 700, wamepimwa damu kwa tone la kidoleni na mashine ya HemoCue. Namba zote za vijiji hivi ni za kubuni, nimezitunga ili hesabu ionekane. Vipimo vya WHO nitakavyotaja ni vya kweli.

Hatua ya kwanza: tenganisha jinsi na jinsia kabla hujagusa kitu

Kiswahili kimetupa maneno mawili mazuri na sisi tumeyachanganya. Jinsi ni mwili: homoni, mfuko wa uzazi, hedhi. Jinsia ni mambo ambayo jamii inampangia mtu kwa kuwa ni mwanamke au mwanaume: nani anaamka kuchota maji, nani anashika hela ya ndizi zikiuzwa, nani anakula wa mwisho nyama ikiwa kidogo. Kwenye fomu za mtaani neno "jinsia" linatumika kwa vyote viwili, ndo maana ukitafsiri dodoso lako kwenda Kiingereza kiboksi cha Me/Ke kinageuka kuwa `gender` wakati ulichonacho ni `sex`. Ukishakosea hapo pepa nzima inaenda hivo hivo, kichwa cha jedwali kinasema kimoja, mjadala unasema kingine.

Kwa upungufu wa damu tofauti hii ina kazi, sio ubishi wa maneno. WHO inasema mwanamke mtu mzima asiye mjamzito ana upungufu hemoglobini yake ikiwa chini ya 12 (gramu kwa desilita, ile ile "damu yako ni 12" ya kliniki), mwanaume akiwa chini ya 13. Mjamzito ni chini ya 11 miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na chini ya 10.5 miezi mitatu ya katikati. Mipaka hii ni ya jinsi: hedhi inatoa madini ya chuma kila mwezi, homoni za kiume zinasukuma utengenezaji wa chembe nyekundu, ujauzito unaongeza maji kwenye damu. Lakini kwa nini mama wa Kahe hakupewa vidonge vya chuma, au alipewa akaviacha kwa sababu kliniki ni mbali na nyumbani kuna mtoto mgonjwa, hayo ni ya jinsia, na kiboksi cha Me/Ke hakijui chochote kuhusu hayo. Kwa hiyo kama dodoso lako halikuuliza nani anaamua matumizi ya hela, nani anakula nini, mtu anafanya kazi gani na masaa mangapi, basi huna data ya jinsia. Una jinsi. Andika jinsi, na mambo ya jinsia yaje kwenye mjadala kama maelezo yanayowezekana, usiyaandike kama vile ulipima.

Hatua ya pili: sema ilijazwaje

Hii ni sentensi moja tu kwenye sehemu ya mbinu na watu wengi hawaiandiki. Jinsi ya mtu ilijulikanaje? Zipo njia kama nne huku kwetu: mtu aliulizwa, ilitoka kwenye kadi ya kliniki, mkusanya data aliangalia akajaza, au, na hii inatokea sana kuliko watu wanavyokubali, mtu alikaa ofisini na orodha ya majina akakisia. Kukisia jina Kilimanjaro ni kamari. Gift ni nani? Upendo? Nishaona Gift mmoja, baba wa watoto watatu, kaandikwa Ke na kapewa mpaka wa 12, damu yake 12.4, akahesabiwa mzima. Kwa mpaka wa wanaume alikuwa na upungufu tayari.

Kama waliuliza, andika "washiriki waliulizwa jinsi yao wakachagua mwanamke au mwanaume". Kama waliangalia, andika waliangalia. Inauma kidogo kuandika hivo lakini mhariri anauliza hilo hilo. Mapendekezo ya ICMJE, ambayo majarida mengi ya tiba yanafuata, yanataka utumie neno sahihi kati ya mawili haya na ueleze njia uliyotumia kujua. Mwongozo wa SAGER wa mwaka 2016, ule wa kuripoti jinsi na jinsia kwenye utafiti, unakwenda mbele zaidi, unataka matokeo yatenganishwe kwa jinsi, na kama utafiti ni wa jinsi moja tu basi kichwa cha pepa kiseme.

Sasa swali la utambulisho wa kijinsia, yaani mtu anajitambuaje. Miongozo ya nje mingine inapendekeza maswali mawili, jinsi ya kuzaliwa kisha utambulisho wa sasa. Hapa Tanzania usilibandike tu kwa sababu jarida litafurahi. Mahusiano ya jinsi moja ni kosa la jinai kwa sheria zetu, na mtu akiandikwa kwenye tablet ya mradi kwamba ni tofauti, watu wakaunganisha mambo, karatasi hiyo inaweza kumletea matatizo hata kama wewe nia yako ilikuwa njema. Kama swali lako la utafiti halihitaji jibu hilo na huna njia ya uhakika ya kulilinda, usiulize, na sema wazi kwenye mapungufu kwamba ulirekodi jinsi kwa makundi mawili na kwamba watu ambao hawaingii vizuri humo hukuweza kuwaonyesha. Ukiwa na sababu ya kweli ya kuuliza, lipeleke kwenye kamati ya maadili likiwa na mpango wake wa usiri, na sehemu ya "sipendi kujibu" iwepo.

Hatua ya tatu: kagua safu ya jinsi kabla ya hesabu

Hapa nitakaa kidogo maana makosa ya hapa hayaonekani kwa macho. Data ikishatoka KoboToolbox ikapita Eksel mara mbili tatu, safu ya jinsi inakuwa na "ke", "Ke", "KE " yenye nafasi nyuma, "F", na 2. Halafu mtu anaandika hivi kwenye R, hb ikiwa ndo hemoglobini:

```r
d$anemia <- ifelse(d$jinsi == "ke",
                   d$hb < 12, d$hb < 13)
```

Hii amri haikatai kitu. Kila ambaye hajaandikwa "ke" kwa herufi hizo hizo anapewa mpaka wa 13, akiwemo mama aliyeandikwa "Ke". Kwa hiyo wanawake kadhaa wenye 12.5 wanageuka wagonjwa kimya kimya, na wewe unaona tu asilimia imepanda. Na wajawazito nao wamewekwa 12 badala ya 11 au 10.5. Kabla ya hapo piga hizi tatu:

```r
table(d$jinsi, useNA = "ifany")
table(d$jinsi, d$mjamzito, useNA = "ifany")
tapply(d$hb, d$jinsi, mean, na.rm = TRUE)
```

Ya kwanza inakuonyesha maandishi yote yaliyopo, sahihisha mpaka yabaki mawili na waliokosekana. Ya pili ukiona wanaume wajawazito ujue kuna kosa, na rudi kwenye fomu halisi, usimgeuze mtu jinsi kwa kukisia. Ya tatu ndo naipenda. Kwa watu wazima wastani wa damu wa wanaume unatakiwa uwe juu ya wa wanawake, kama moja au zaidi hivi, sasa ukikuta kwenye tablet namba 3 wanaume wako chini, uwezekano mkubwa tablet hiyo 1 na 2 zilipinduliwa. Fanya kwa kila mkusanya data peke yake, sio jumla tu, maana kwenye jumla kosa linamezwa.

Hatua ya nne: toa matokeo kwa jinsi, usi"adjasti" tu

Kuna tabia ya kuingiza jinsi kwenye modeli kisha kuandika "tumerekebisha kwa umri na jinsi" halafu basi. Msomaji hajui wanawake walikuwa wangapi na upungufu ulikuwa kiasi gani kwao. Jedwali la kwanza litenganishe, na matokeo makuu nayo yatenganishwe, hata kama tofauti haipo, kwa sababu mtu mwingine atakuja kuziunganisha pepa kumi na atahitaji namba zako.

Halafu kuna mtego ambao hata marivyua hawausemi kila mara. Umetumia mpaka wa 12 kwa wanawake na 13 kwa wanaume, yaani jinsi tayari imo ndani ya matokeo. Ukija tena kusema "wanawake wana upungufu mara mbili ya wanaume" inabidi msomaji ajue unalinganisha kila kundi na mpaka wake. Iandike hivo, na weka pia wastani wa damu kwa kila jinsi pembeni, ili aone damu yenyewe mbali na mpaka.

Na angalia nani alipimwa. Mkienda nyumba kwa nyumba saa nne asubuhi mtakuta kina mama na wazee. Wanaume wako kwenye boda, wako mjini, wengine wako Mirerani. Ukiishia na wanawake 300 na wanaume 100, hiyo pengo la 200 ndo jinsia yenyewe imefanya kazi kwenye sampuli yako, na wanaume 100 uliowapata ni wale wa nyumbani, ambao labda ni wagonjwa au wamezeeka. Usiandike kichwa "Upungufu wa damu kwa watu wazima" ukanyamaza. Andika wangapi walikutwa, wangapi hawakuwepo, kwa jinsi. Kama bado hujaingia fildi, panga raundi ya jioni na Jumapili baada ya ibada. Inasaidia kuliko takwimu yoyote baadae.

Hatua ya tano: kabila, uliza kwanza lilikuwa linasimama badala ya nini

Nilikuwa na kikundi cha fildi, tukafika kwa mama mmoja njia ya kwenda Kahe. Kijana wetu akasalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akafika swali la kabila. Mama akacheka. "Baba Mchagga wa Rombo, mama yangu Mpare wa Usangi, nimezaliwa Majengo, nimeolewa na Mkahe, na hapa nyumbani tunaongea Kiswahili. Haya andika unachotaka." Kijana akaandika Mchagga, kwa sababu ya baba. Kwenye pepa yule mama angeingia kama mtu wa mlimani mwenye "jeni za Kichagga". Damu yake ilikuwa inategemea maji ya mfereji, mbu wa bondeni na kile alichokula wiki hiyo.

Hata "Wachagga" wenyewe ni jina lililokusanya Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu, Rombo na wengine, na mtu wa Rombo na wa Machame wakiongea kila mmoja kilugha chake hawaelewani vizuri. Upande wa Arusha ni hivo hivo: Waarusha wanaongea Kimaa, kwa hiyo dodoso linawatupa kwenye "Wamasai", kumbe ni wakulima wa ndizi na mahindi kwenye miteremko ya Meru, na chakula chao sio cha mfugaji wa Simanjiro. Ukiwaunganisha halafu ukaandika kuhusu maziwa na nyama umeandika hadithi. Na yale makundi ya "Wabantu, Waniloti, Wakushi" ni ya lugha. Yanaeleza lugha zilitoka wapi, hayaelezi figo wala damu.

Sasa hesabu. Tuseme tumepima watu 400, 200 kila kijiji. Kibosho wako Wachagga 150 na wengine 50, wenye upungufu ni 15 na 5. Kahe wako Wachagga 50 na wengine 150, wenye upungufu ni 15 na 45. Ukijumlisha kwa kabila unapata Wachagga 30 kati ya 200, yaani asilimia 15, na wengine 50 kati ya 200, asilimia 25. Hiyo ndo sentensi ya mwanzo kabisa, "Wachagga wana upungufu mdogo". Lakini angalia ndani ya kijiji: Kibosho ni asilimia 10 kwa Wachagga na 10 kwa wengine, Kahe ni 30 kwa 30. Kabila halina tofauti hata chembe, lilichofanya ni kukuambia mtu anaishi wapi, na kukuambia vibaya.

Hapo bado hatujagusa mwinuko. Juu mlimani hewa ina oksijeni kidogo, figo zinatoa homoni ya kuhimiza utengenezaji wa damu, na chembe nyekundu zinaongezeka. Kwa hiyo namba ya mashine inakuwa kubwa bila mtu kuwa na madini ya kutosha. Mwongozo wa WHO wa 2024 unataka utoe 0.4 kwa wanaoishi mita 500 mpaka 999, utoe 0.8 kwa 1,000 mpaka 1,499, utoe 1.1 kwa 1,500 mpaka 1,999. Chukua mama asiye mjamzito mwenye 12.6. Akiwa Kahe tunatoa 0.4, anabaki na 12.2, yuko salama. Mama mwingine mwenye 12.6 hiyo hiyo akiwa Kibosho mita 1,600 tunatoa 1.1, anabaki na 11.5, ana upungufu. Bila rekebisho wote wawili wangeitwa wazima, na kijiji cha juu, chenye Wachagga wengi, kingeonekana kina afya kuliko hali halisi. Kwa hiyo ile asilimia 10 ya Kibosho kama ilihesabiwa bila kutoa ingepanda, na tofauti ya "makabila" ingepungua bila mtu yeyote kubadilika mwilini.

```r
d$hb_rek <- d$hb - ifelse(d$mita >= 1500, 1.1,
             ifelse(d$mita >= 1000, 0.8,
             ifelse(d$mita >= 500, 0.4, 0)))
```

Amri hii inatosha kwa vijiji chini ya mita 2,000, juu ya hapo kuna makato mengine. Na mita ziwe za mahali mtu anapoishi, sio alipopimwa, maana siku ya kupima wapo waliopanda kusalimia ndugu. Pia andika ni mwongozo upi umetumia, kwa sababu ule wa zamani haukutoa kitu chini ya mita 1,000, na pepa za zamani za hapa Moshi huwezi kuzilinganisha na yako bila kujua hilo.

Kwa hiyo kaa chini na safu ya kabila na ujiulize ulitaka ikupe nini. Ulitaka makazi? Una GPS. Chakula? Uliza jana alikula nini, nyama mara ngapi wiki hii, chai anakunywa na chakula au baadae. Malaria na minyoo? Pima, au uliza chandarua, choo, na kama anafanya kazi kwenye mpunga. Ulitaka urithi, selimundu kwa mfano? Pima selimundu. Kabila kama kipimo cha jeni ni kama kupima homa kwa kuangalia sweta.

Kidogo pembeni, kwa wale wa figo: fomula ya CKD-EPI ya 2009, ya kukadiria figo zinachuja kiasi gani, ilikuwa inazidisha kwa 1.159 kama mgonjwa "ni mweusi", kigezo kilichotoka kwa Wamarekani weusi, na toleo la 2021 limekiondoa. Kama maabara yako bado inachapa mistari miwili, mmoja wa "mweusi" na mmoja wa wengine, usichukue ule wa kwanza eti kwa sababu tuko Tanzania. Unampa mgonjwa figo nzuri kwa asilimia 16 ambazo hana.

Hatua ya sita: kama kabila lina sababu ya kubaki

Lipo linapobaki kwa haki. Kama unachunguza watu wanaoongea Kimaa wanavyohudumiwa kwenye zahanati ambayo muuguzi haongei Kimaa, basi utambulisho wa mtu ndo swali lenyewe. Hapo uliza kwa swali la wazi, "wewe unajitambulisha kama kabila gani, unaweza kutaja zaidi ya moja", andika alivyosema yeye, na uliza pembeni lugha ya nyumbani. Usimwambie mkusanya data achague kwa sura au kwa jina la ukoo. Kwenye pepa eleza nani alijibu, orodha ilitoka wapi, na waliotaja mawili uliwaweka wapi. "Wengine" usiifanye takataka ya kila aliyebaki, taja ni akina nani humo kama idadi inaruhusu.

Na idadi ikiwa ndogo usitaje. Kijiji kimoja, wanaume watatu wa kabila fulani, umri miaka 60 na kuendelea: huo sio usiri tena, kijiji kizima kinawajua. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka asili ya kikabila na afya kwenye taarifa nyeti, kwa hiyo kuyashika yote mawili pamoja bila sababu ni mzigo wako.

Kuna jambo watu wa nje hawalijui na inabidi uwaandikie: Tanzania sensa haiulizi kabila, ya mwisho kuuliza ilikuwa 1967. Maana yake huna idadi ya kulinganisha nayo. Ukiandika "Wapare walikuwa wengi kupita uwiano wao" uwiano huo umeutoa wapi? Na ICMJE inataka ukikusanya rangi au kabila ueleze njia na sababu, na usipokusanya ueleze kwa nini hukukusanya. Basi weka sentensi kama hii, kwa Kiingereza chako: "Hatukukusanya kabila kwa sababu tulipima moja kwa moja makazi, mwinuko, chakula na maambukizi, na kwa sababu sensa ya taifa haina takwimu za kabila za kulinganisha." Rivyua aliyetaka kabila akisoma hapo mara nyingi anaridhika.

Hatua ya saba: andika upya ile sentensi

Iliyokuwepo: "Wachagga walikuwa na upungufu mdogo wa damu kuliko makabila mengine, na jinsia ya kike ilikuwa kihatarishi."

Kwa namba zetu za kubuni, kabla ya kutoa mwinuko, matokeo yanaanza hivi: "Upungufu wa damu ulikuwa asilimia 10 kwa wakazi wa kijiji cha juu na asilimia 30 kwa wakazi wa kijiji cha chini." Ukishatoa mwinuko unaweka namba mpya na unasema umetoa kwa mwongozo upi. Kisha sentensi ya pili: wanawake asilimia kadhaa kwa mpaka wa 12, wanaume asilimia kadhaa kwa mpaka wa 13, wajawazito peke yao, na wastani wa kila kundi. Neno kabila halipo na hakuna kilichopotea. Kwenye mjadala ndo unasema kwamba tofauti ya wanawake na wanaume inaweza kutokana na hedhi na uzazi, inaweza pia kutokana na nani anakula nini nyumbani, na kwamba hili la pili hamkulipima.

Mwisho fungua faili la Wedi, bonyeza Ctrl+F, tafuta `gender`. Kila ilipo jiulize kama ulipima jinsia au ni kiboksi, kama ni kiboksi badilisha iwe `sex`. Tafuta `tribe`, tafuta `African` na uangalie kama unasema watu wa Kibosho na Kahe lakini umeandika bara zima. Angalia jedwali la kwanza kama bado kuna safu ya kabila ambayo haitumiki popote, mara nyingi imebaki kwa mazoea, ifute. Kisha fungua na faili la data unalotuma jarida, maana nishaona pepa imesafishwa vizuri kabisa halafu kwenye kiambatisho safu ya kabila iko pale pale, na jina la kijiji pembeni yake.